Elfu thelathini za usafi: tulivyojifunza kununua vifaa vya nyumba yetu ya kwanza

Risiti ya kwanza ya ndoa yetu ilikuwa ya supamaketi, na mpaka leo mke wangu ameihifadhi kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa. Anasema ni ya kunikumbusha. Ilikuwa Agosti 2022. Tulikuwa tumehamia Mbagala siku chache baada ya harusi, chumba na sebule, jiko la kujibana mwisho wa korido, na choo cha ndani cha kuchuchumaa. Jumapili tukatoka kwenda kununua vitu vya usafi. Yeye kashika kikapu, mimi nimeshika pochi, na wote tuna ule ugeni wa ndoa ambapo kila mtu anaogopa kuonekana bahili mbele ya mwenzake. Tulirudi na chupa za shilingi 46,000: dawa ya kupulizia vioo, manukato ya hewa mawili, dawa ya kung'arishia samani za mbao, dawa ya choo ya rangi ya bluu, jiki, na sabuni ya vyombo yenye picha ya limau.

Tulipofika nyumbani na kuzipanga ndipo mke wangu akanyanyua uso akaangalia dirisha. Madirisha yetu hayakuwa na vioo. Ni nondo na wavu wa mbu. Samani ya mbao tuliyokuwa nayo ilikuwa stuli moja.

Mtu atauliza, kicheni pati haikuwapo? Ilikuwapo, na ilifana. Mke wangu aliletewa chupa sita za chai, hotpoti nne, seti tatu za glasi na mazulia mawili ya mlangoni. Ufagio alipewa pia, umefungwa utepe wa dhahabu na maua ya plastiki kuanzia shingoni hadi mpini, kwa ajili ya kuchezewa ngoma. Ukiufagilia, maua yanadondoka na unapaswa kuyafagia.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza tuliishi na chupa nyingi na hakuna cha kuzifanyia kazi. Sakafu tuliifuta kwa taulo langu la zamani, maji tukiyachota kwenye ndoo ile ile ya kuogea. Tungeendelea hivyo kama shangazi yangu hangekuja kutoka Mkuranga kututembelea. Alikaa kidogo, akanywa chai, akaomba ndoo ya deki amsaidie mkwe wake. Mke wangu akamletea ile ndoo. Shangazi akaitazama, akaona na kopo la kuogea linaelea ndani yake.

"Hii si ya kuogea, mkwe wangu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na ya deki iko wapi?"

Kimya. Mimi nikajifanya natafuta chaja.

Shangazi hakutufokea. Alisimama, akaanza kuzunguka nyumba akigusa vitu kwa kidole: sakafu, ukuta wa nyuma ya jiko la gesi, bomba, kingo za choo, kona ya chumba inayopakana na bafu. Kisha akatuuliza swali ambalo hakuna chupa hata moja kati ya zile iliyoweza kulijibu: "Uchafu wa nyumba hii ni upi?"

Nikamwambia uchafu ni uchafu. Akacheka, akanishika mkono tukarudia ile ziara.

Sakafuni kulikuwa na mchanga. Mbagala ni mchanga mtupu, unaingia na viatu, unaingia na upepo, unaingia na watoto wa jirani. Mchanga hauhitaji dawa yoyote, unahitaji ufagio, na ukiumwagia maji kabla ya kuufagia umeshatengeneza tope. Ukutani nyuma ya jiko kulikuwa na mafuta ya kukaangia yaliyoganda na kushika vumbi. Hayo ni ya sabuni. Kwenye bomba na kingo za choo kulikuwa na ukoko mgumu wa njano na mweupe. Huo ni wa chumvi za maji ya kisima, na sabuni hauijui kabisa, unahitaji kitu kichachu. Na ile kona ya chumbani ilikuwa na madoa meusi ya ukungu, na chooni kulikuwa na vijidudu ambavyo havionekani, na hapo ndipo penye kazi ya jiki. Aina nne za uchafu, dawa nne, na mbili kati ya hizo karibu ni za bure.

Nilipokaa na kuilinganisha risiti yetu na ile ziara, niliona kosa letu lilikuwa wapi. Tulikwenda dukani kutazama rafu ina nini, badala ya kutazama nyumba ina nini. Rafu ya supamaketi haijui kwamba huna vioo.

Mwisho wa mwezi tulitenga shilingi 30,000, tukaenda soko la Rangi Tatu asubuhi ya Jumamosi, safari hii shangazi akiwa mbele. Kanuni yake ilikuwa moja: kwanza vitu vya kushika mkononi, chupa baadaye. Mkono wenye brashi nzuri na sabuni ya kawaida unasafisha. Mkono mtupu wenye chupa ya elfu kumi unamwaga tu.

Ufagio wa ndani tulinunua shilingi 4,000, ule wa nyuzi za plastiki wenye mpini mrefu. Alinifundisha kuuchagua: pinda nyuzi kwa kiganja uone kama zinarudi, angalia ncha zake kama zimechanika-chanika kidogo, maana ncha iliyochanika inakamata vumbi laini na ncha nzima inaliruka. Halafu zungusha mpini. Ufagio wa bei hii haufi nyuzi, unakufa shingo. Ile sehemu ya kuskrubu inalegea baada ya mwezi, kichwa kinazunguka chenyewe, na watu wanautupa. Mimi nilipigilia msumari mdogo wa inchi moja kupita shingo na mpini siku ile ile tuliyofika, na ufagio huo ulidumu mwaka na zaidi.

Fagio la chelewa lilikuwa shilingi 1,000. Hili ni la nje na la chooni, mahali penye maji, kwa sababu chelewa haziogopi kulowa na zinasugua sementi vizuri kuliko plastiki. Chagua lililofungwa kwa kukazwa. Lipigepige chini, likimwaga njiti tano au sita hapo hapo, lirudishe. Jingine ni kwamba fagio la chelewa linaloanikwa limesimama juu ya ncha zake linapinda na kuwa kama ndevu za mbuzi, kwa hiyo liegeshe kichwa juu.

Ndoo mbili tulizipata kwa shilingi 5,000, za lita 10, zile za rangi zilizokwisha kutumika. Mke wangu hakuzipenda kwa sababu zilikuwa na maandishi ya kampuni ya rangi na michirizi ya krimu. Shangazi akamwambia hiyo ndiyo faida yake: hakuna mgeni wala mume atakayekosea akaogea nayo. Angalizo ni kwamba ndoo ya rangi ibaki ya deki milele, isije ikahifadhi maji ya kunywa wala unga hata ukiisugua ikang'aa.

Brashi ya choo yenye mpini mrefu shilingi 3,000. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na zile brashi fupi za kupendeza zilizokaa ndani ya kikombe zimetengenezwa kwa ajili ya choo cha kukaa. Ukizitumia kwenye cha kuchuchumaa unalazimika kuinama mpaka uso unakaribia shimo. Brashi ndogo ya mkono ya kusugulia ilikuwa 1,500, na skwiza ya mpira 5,000. Hiyo skwiza ndiyo tuliyobishania. Mke wangu alitaka mopa ya nyuzi, ile ya kizungu inayoonekana kwenye matangazo. Mopa ya bei rahisi nyuzi zake zinamwagika, inakaa imelowa siku nzima, na haikamuliki bila ile ndoo yake maalumu yenye kikamulio, ambayo bei yake ingemeza nusu ya bajeti. Skwiza ukiizungushia tambara lililokamuliwa inakuwa dekio, ukilitoa tambara inakuwa ya kukokota maji bafuni. Kitu kimoja, kazi mbili.

Hapo tulikuwa tumeshatumia 19,500 na hatujagusa sabuni yoyote. Mke wangu aliniangalia kwa wasiwasi. Kumbe zilizobaki zilitosha: nusu kilo ya sabuni ya unga 2,500, nusu mche wa sabuni 2,000, jiki ndogo ya nusu lita 2,000, madodoki mawili 1,000, glavu za mpira 2,000. Jumla 29,000. Kizoleo tulikiacha. Tulikata dumu la plastiki la lita tano mshazari, mkono wake ukabaki kuwa mshikio, na mpaka leo ndicho kizoleo chetu. Ile elfu moja ya mwisho tulinunua ndimu.

Jiki ya supamaketini tulikuwa nayo bado, lakini shangazi alikuta nimeshaihamishia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa kwa sababu kifuniko cha awali kilinisumbua. Aliichukua bila neno, akaimwaga, akaisuuza chupa na kuikanyaga. Siku hiyo hiyo mtoto wa jirani wa miaka minne alikuwa akicheza sebuleni kwetu. Sikubishana.

Matambara sikutaja bei yake kwa sababu hayakununuliwa. Fulana za pamba zilizochakaa, singilendi, na khanga iliyofifia ndiyo matambara bora kuliko ya dukani, kwa sababu pamba inanyonya. Jezi na mashati ya kuteleza hayafai. Yanasukuma maji kutoka upande huu kwenda upande ule. Tulikata matambara manane na kuyagawa kwa alama: la chooni tulilikata kona moja, la sakafu lilifungwa fundo, la jikoni lilibaki zima. Mwanzoni niliona ni mambo ya shule ya awali, mpaka usiku mmoja umeme umekatika nikapapasa nikashika lenye kona iliyokatwa, nikajua nimeshika nini kabla sijafuta meza ya chakula.

Sasa nije kwenye sabuni, maana hapa ndipo tulipopoteza hela nyingi bila kujua. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, kama ya nyumba nyingi za huku. Mke wangu amekulia Lushoto kwenye maji laini ya mlimani, na alizoea kuosha kila kitu kwa mche: vyombo, sakafu, nguo. Mbagala mche ulikataa. Anasugua, povu haliji, na juu ya beseni unatanda utando wa kijivu kama maziwa yaliyokatika. Glasi zinakauka na ukungu. Anaongeza sabuni, utando unaongezeka. Kipande cha wiki mbili kikawa kinaisha kwa siku nne, na nikaanza kumuuliza maswali ya kijinga kuhusu matumizi.

Jirani yetu mmoja ni mwalimu wa kemia sekondari, na yeye ndiye aliyetueleza. Sabuni ya mche imetengenezwa kwa mafuta na magadi makali. Ikikutana na madini ya kisima inashikana nayo na kuwa ule utando, hivyo sehemu ya kwanza ya sabuni yako yote inaliwa na maji kabla haijaugusa uchafu. Sabuni ya unga na ya maji zimeundwa kwa namna nyingine, na zinastahimili maji ya aina hiyo vizuri zaidi. Tangu hapo mche wetu una kazi mbili tu: kunawia mikono na kufulia kola na makwapa, mahali ambapo unasugua sabuni moja kwa moja kwenye kitambaa. Vyombo na deki ni vya sabuni ya unga. Ukitaka kujua maji yako ni ya namna gani, weka maji kwenye chupa safi nusu, tia vipande vichache vya mche, funga, tikisa. Likija povu linalosimama, mche unakufaa. Ukija utando na povu linazama, usipoteze hela.

Baadaye tulianza kununua sabuni ya maji ya mtaani, ile inayouzwa kwenye madumu. Ni nafuu kweli na nyingine ni nzuri, ila usiipime kwa uzito. Jirani alitucheka alipotuona tunageuza chupa kutazama inavyoshuka taratibu. Watengenezaji wengi huifanya nzito kwa chumvi ya kawaida, kwa hiyo uzito haukuambii nguvu. Ipime kwa sahani iliyopikiwa samaki wa kukaanga. Tone moja kwenye dodoki bichi, futa sahani, suuza, pitisha kidole. Kikilia "kwi", umeuziwa sabuni. Kikiteleza, umeuziwa maji mazito.

Kosa jingine letu lilikuwa kudhani sabuni nyingi ndiyo usafi mwingi. Tulikuwa tunatia konzi nzima kwenye ndoo ya deki. Sakafu inakauka, nyayo zinanata, na jioni mchanga wote wa Mbagala umeganda humo kama ubwabwa chini ya sufuria. Sabuni isiyosuuzwa inabaki juu ya vigae na kushika vumbi. Kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya unga kwenye ndoo moja kinatosha sakafu ya chumba na sebule. Ndoo ya pili ni ya maji matupu. Unafagia kwanza, unachovya tambara kwenye ya sabuni, unalikamua hadi lisidondoke, unadeki kipande kidogo ukirudi nyuma kuelekea mlangoni, unalisuuza kwenye ndoo ya pili, ndipo unarudi kwenye ya kwanza. Maji ya ndoo ya pili yakiwa meusi huku ya kwanza bado safi, unajua unafanya sawa. Kwa ndoo moja, nusu ya pili ya nyumba unaidekia kwa uchafu wa nusu ya kwanza.

Ukoko wa chumvi ulinisumbua kuliko vyote. Ile jiki ya supamaketini, kabla shangazi hajaimwaga, nilikuwa nimeshaitumia kwenye kingo za choo. Asubuhi choo cheupe, nikajisifu. Wiki moja baadaye njano imerudi pale pale, na umbo lile lile. Kumbe jiki inaung'arisha ukoko tu, haiuyeyushi. Unabaki pale umevaa nguo nyeupe. Kinachouyeyusha ni uchachu. Kwenye bomba na vigae vya ukutani ndimu inatosha: kamua mbili au tatu, lowesha tambara, lizungushe kwenye bomba, acha nusu saa, kisha sugua kwa brashi ya mkono. Unaweza kuona vipovu vidogo vikitoka, hiyo ndiyo chumvi inayoliwa. Ukoko mnene unahitaji kurudiwa mara mbili au tatu.

Ukoko wa miaka wa mpangaji aliyetangulia kule ndani ya choo, ndimu zilishindwa, na hapo ile dawa ya choo ya bluu ya supamaketini ndiyo ikapata kazi yake. Nyingi za aina hiyo zina asidi. Soma kwenye chupa. Tulikausha maji ya kwenye kingo kwa tambara lenye kona iliyokatwa, tukaizungushia, tukaacha kwa muda ulioandikwa, tukasugua na kumwaga maji mengi. Lakini usiipeleke asidi, hata ndimu, kwenye sakafu ya sementi au terazo. Sementi yenyewe ni jamii ya ule ukoko. Vile vipovu vilivyokufurahisha kwenye bomba, ukiviona sakafuni ni sakafu yako inayeyuka, na mwenye nyumba ataikumbuka siku ya kurudishiana amana.

Na hapa nieleze lililonitokea, ingawa linanitia aibu. Baada ya kumaliza ukoko, nikafikiri kwamba kama dawa ya bluu imefanya kazi nzuri, nikiongeza jiki juu yake choo kitakuwa kama cha hotelini. Bafu letu lina kidirisha kama daftari. Nilimimina, ikafoka kidogo, na harufu kali ikanipanda puani, macho yakawaka, kifua kikabana nikaanza kukohoa bila kukoma. Nilitoka nje na kukaa barazani kama mzee wa pumu. Mke wangu alitaka kuingia kumwaga maji, yule mwalimu akamzuia mlangoni. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na chumba kidogo inakijaza kwa sekunde chache. Alituambia tufungue milango yote, tukae nje, asiingie mtu mpaka harufu iishe. Ndipo tukarudi na maji mengi. Mimi kikohozi kiliniacha jioni ile, ila akasema kikohozi kisingetulia au pumzi ingekuwa nzito, tungekwenda hospitali bila kungoja asubuhi.

Tangu siku hiyo dawa ya choo ina Jumamosi yake na jiki ina Jumatano yake. Na hata Jumatano, choo kinamwagiwa maji kwanza, kwa sababu mkojo uliolala nao ukikutana na jiki unatoa mvuke wa kuchoma macho.

Jiki yenyewe haihitaji kuwa nyingi. Chupa yetu imeandikwa asilimia 3.5. Kwa nguvu hiyo, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita moja ya maji baridi kinatosha kufuta sakafu ya choo, meza ya kukatia nyama na mishikio ya milango. Ukikuta asilimia nyingine kwenye chupa yako, fuata kipimo kilichoandikwa hapo. Kwanza osha kwa sabuni na usuuze, maana jiki ikikuta mafuta na tope inaishia huko na vijidudu vinasalimika. Paka, acha dakika 10 pamebaki majimaji, halafu suuza pale panapogusana na chakula. Changanya ya siku hiyo tu. Ya jana imeshapungua nguvu. Ndiyo maana tunanunua nusu lita badala ya dumu, na inakaa kabatini mbali na jua na jiko. Ile kona ya ukungu nayo tuliisugua kwa sabuni, tukaipaka jiki, ikasafika, ikarudi baada ya mwezi. Ilirudi kwa sababu ukuta ulikuwa unanyonya maji kutoka bafuni. Mwenye nyumba alipoziba ufa wa vigae, ukungu ulikoma. Hakuna chupa ya kutibu ukuta unaovuja.

Kwa matumizi ya baadaye, nusu kilo ya sabuni ya unga ilitufikisha kama wiki tano, tukifulia nguo kwa sabuni nyingine. Dodoki la vyombo linadumu mwezi, na unajua limekwisha likianza kunuka hata baada ya kusuuzwa na kuanikwa. Brashi ya mkono ya 1,500 ilikuwa kosa, ilikatika mpini mwezi wa pili, tukanunua ya mbao. Mpira wa skwiza uliliwa upande mmoja baada ya miezi kama minane, tukaugeuza. Pipa la taka hatukununua pia. Zamani watu walikuwa wakiweka taka kwenye mifuko ya rambo, lakini tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, kwa hiyo tunatumia ndoo kuukuu yenye mfuniko iliyotandikwa gazeti chini, na maganda mabichi yanakaa peke yake ili ndoo isinuke kabla gari la taka halijapita.

Jambo moja hatujakubaliana. Mke wangu anaamini nyumba isiyonukia haijasafishwa, na kila mwisho wa mwezi anachomeka manukato kwenye bajeti. Mimi nasema nyumba safi hainuki chochote. Tumepatana kwa ubani wa Ijumaa.

Zile chupa za supamaketini ziliisha moja moja, isipokuwa dawa ya vioo, ambayo ilikaa mwaka mzima juu ya kabati ikitusanifu. Siku tuliyohama kwenda nyumba nyingine, kijana wa bajaji aliyetubebea ndoo na skwiza aliiona, akaomba aijaribu kwenye kioo chake cha mbele kilichojaa vumbi la barabara ya Kilwa. Kioo kikang'aa. Akaiangalia chupa, akatuangalia sisi, akatupunguzia elfu moja kwenye nauli.